Bonyezo Moja kwenye Silanga ya Korbesa

Ukiitazama kutoka juu mwishoni mwa mvua za ganna, silanga ya Korbesa ni doa la kahawia lililolala ndani ya kahawia. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Tope linaloyazunguka lina rangi ya chai iliyozidi majani kidogo, na ardhi kavu inayofuata imepauka tu. Mchungaji aliyesimama pale na ng'ombe wake hana haja ya kuuliza maji yanaishia wapi, maana anaona mng'ao wake, anaona kwato zinapoanza kuzama, tena anasikia upepo ukiyagusa. Lakini picha ya droni imeacha hayo yote. Imebeba rangi tatu peke yake, nyekundu, kijani na buluu, na kwa rangi hizo tatu kompyuta inatakiwa kukuchorea ukingo mara unapobonyeza.

Kuchora silanga, visima na maboma kwenye ramani si jambo geni Isiolo. Miaka ya 2010 wazee wa Waso walikaa na wachora ramani mbele ya picha za setilaiti, wakaonyesha malisho ya mvua, malisho ya kiangazi na njia za mifugo. Wakati huo kila mstari ulichorwa kwa mkono. Siku hizi kijana anafungua QGIS, anabonyeza mara moja katikati ya maji, na umbo zima linajichora. Likitoka sawa anashukuru. Lisipotoka sawa, wengi niliowaona hubonyeza tena palepale, kisha tena, kama mtu anayegonga mlango ambao hauna mtu ndani. Nawaandikia hao, kwa sababu ukijua chombo kinafanya nini kabla hujabonyeza, utajua pia la kufanya kinapokosea.

Tuanze na kilichobadilika. Vyombo vya zamani, kama Magic Wand ya Photoshop au Fuzzy Select ya GIMP, vilifanya kazi ya kitoto. Vilichukua rangi ya pikseli uliyoibonyeza, vikauliza majirani zake kama wana rangi inayokaribiana nayo, kisha majirani wa majirani, mpaka vikutane na rangi iliyo mbali. Kwa paa la mabati linalong'aa katikati ya mchanga, hilo linatosha hata leo. Kwa maji ya kahawia, rangi huvuja kupitia tope na kwenda zake mpaka barabarani.

Vyombo vipya havitambai kutoka pikseli moja hadi nyingine. Vingi vinatumia modeli iitwayo Segment Anything, au SAM kwa kifupi, ambayo kampuni ya Meta iliitoa Aprili 2023, na toleo la pili likafuata Julai 2024. Modeli hiyo ilifundishwa kwa picha milioni 11 na maumbo zaidi ya bilioni 1 yaliyochorwa juu yake. Picha zenyewe kwa sehemu kubwa ni za kawaida: watu, magari, meza za chakula, mitaa. Huko ilijifunza kitu kwa ujumla huwa na umbo gani na ukingo wa kitu hufananaje. Haikufundishwa jina la kitu chochote. Ukibonyeza silanga, haijui kwamba ni silanga. Inajua tu kwamba mahali ulipogusa pana kitu, na inajaribu kukisia kitu hicho kinaishia wapi.

Kazi hiyo inaifanya kwa awamu mbili, na inafaa uzitenganishe akilini. Kwanza inaisoma picha nzima kabla hujagusa chochote. Hapo ndipo kompyuta isiyo na kadi ya michoro hukwama kwa sekunde nyingi, pengine zaidi ya dakika. Ndiyo maana nashauri anayetumia laptopu ya kawaida achukue modeli ndogo, ViT-B, ambayo faili lake halifiki megabaiti 400, aiache ile kubwa ya ViT-H inayozidi gigabaiti 2. Aipakue akiwa Isiolo mjini, asingoje mpaka afike Merti. Awamu ya pili ni bonyezo lako. Hiyo ni nyepesi na inajibu papo hapo, kwa sababu usomaji umekwisha na bonyezo linauliza swali tu juu ya kilichosomwa.

Sasa, katika kusoma huko kuna jambo moja ambalo limewaharibia watu kazi nyingi kuliko jingine lolote ninalolijua. SAM haisomi picha yako kwa ukubwa wake. Huibana kwanza ili upande mrefu uwe na pikseli 1,024, na umbo inalochora hulichora kwenye gridi ya visanduku 256 kwa 256. Baadaye gridi hiyo hutanuliwa ifunike picha yako ya awali, na ukingo unaonekana laini kana kwamba ulichorwa kwa makini. Ulaini huo unatokana na kutanua. Kipimo halisi cha ukingo ni upande mrefu wa picha uliyoipa, ugawanye kwa 256.

Chukua silanga yetu. Picha ya droni niliyokuwa nayo ilifunika mita 400 kwa 400, kila pikseli ikiwa sentimita 5 ardhini. Kwa macho ni picha kali sana, hata mbuzi unamhesabu. Niliiingiza yote kama ilivyo, nikabonyeza katikati ya maji. Mita 400 ukigawanya kwa 256 unapata mita 1 na nusu na ushei. Kwa hiyo, ingawa picha ilijua ardhi kwa sentimita 5, ukingo nilioletewa ulikuwa wa ngazi za mita 1 na nusu. Maji yenyewe yalikuwa na umbo la yai, urefu mita 58 na upana mita 38, yaani eneo la takriban mita za mraba 1,730 na mzunguko wa mita 152 hivi. Ukingo ukisogea nje kwa nusu kisanduku tu, sentimita 78, unaongeza mita za mraba karibu 119. Hiyo ni asilimia 7.

Anayedhani asilimia 7 ni kidogo na aihesabu kwa maji. Silanga ikiwa na kina cha wastani cha mita 1, mita za mraba 119 ni lita 119,000. Ng'ombe akinywa lita 40 kwa siku, hayo ni maji ya ng'ombe 100 kwa karibu mwezi mmoja. Mwezi huo upo kwenye karatasi tu, ardhini haupo. Kamati ikipanga kuhama kwa kutegemea karatasi hiyo, watakaofika na mifugo mwishoni mwa kiangazi watakuta tope.

Dawa yake ni rahisi: usiipe modeli picha nzima. Kata kipande kinachokizunguka kitu chako na kuacha nafasi ya wastani kila upande. Kwa silanga hii nilikata dirisha la mita 80. Mita 80 kwa 256 ni sentimita 31, na nusu ya hapo ikizunguka mita 152 ni mita za mraba 24 hivi, asilimia 1 na kitu. Usikate mpaka ukingo wa kitu uguse ukingo wa dirisha, kwa sababu modeli inahitaji kuona kilicho nje ili itambue kilicho ndani. Anayetumia kiongezi cha Geo-SAM ndani ya QGIS hakati kwa mkono. Chenyewe huigawa picha katika vipande vya pikseli 1,024 kabla ya kubonyeza, na hapo wewe unachagua ukubwa wa pikseli. Ukichagua sentimita 8, kila kipande kina mita 82 hivi, hesabu ni ileile.

Dirisha likishakaa sawa, nusu ya makosa imeondoka. Inayobaki ni ile ya kutoelewana.

Bonyezo moja lina maana nyingi. Nikigusa katikati ya maji, huenda nataka maji. Huenda nataka silanga nzima pamoja na tuta la udongo lililochimbwa. Au nataka kile kisiwa cha tope kilichojitokeza, ambacho kidole changu kimekigusa bila mimi kujua. Waliotengeneza SAM waliliona hilo, ndiyo maana kwa bonyezo moja inaandaa majibu matatu: kubwa, la kati na dogo. Kila jibu linapewa alama kati ya 0 na 1, na vyombo vingi hukuonyesha lenye alama ya juu peke yake. Alama hiyo ni makisio ya modeli juu ya kazi yake yenyewe. Inaweza kukupa 0.97 kwa umbo zuri kabisa la kitu ambacho hukukitaka. Chombo chako kikiwa na kitufe cha kuonyesha majibu yote matatu, kiwashe. Mara nyingi jibu lako lipo tayari, ni la pili.

Kwangu lilikuja kubwa. Umbo lilichukua maji, likameza tope lote la upande wa mashariki ambako ng'ombe hushukia, likapanda na njia yao mpaka mita kadhaa nje. Hapo ndipo watu hubonyeza tena katikati ya maji. Bonyezo hilo halisaidii, kwa sababu modeli haina shaka kwamba katikati ni ndani. Shaka iko mashariki, na wewe hujasema lolote kuhusu mashariki. Karibu kila chombo kina mabonyezo ya aina mbili, ya ndani na ya nje, mara nyingi ya kijani na ya rangi nyekundu. Weka jekundu pale umbo lilipovuja, na usiliweke mbali kwenye vumbi. Liweke juu ya tope lenyewe, hatua chache nje ya maji. Likiwa mbali mno linakataa kitu ambacho hakuna aliyekidai. Likigusa ukingo wenyewe linaitatanisha modeli, kwa sababu pikseli ile ni nusu maji nusu tope.

Niliweka jekundu moja kwenye tope na njia ikaachwa. La pili, karibu na mdomo wa mfereji unaoingiza maji, likaondoa ulimi uliokuwa umetoka upande wa kaskazini. Kisha nikazungushia maji kisanduku, kwa sababu kisanduku kinaiambia modeli ukubwa wa kitu unachokitaka na kuondoa ule utata wa majibu matatu. Kama ningerudi nyuma ningeanza nacho. Kwa kitu chenye mwili kama silanga, paa au kichaka kimoja, kisanduku kwanza na mabonyezo baadaye huokoa muda.

Upande wa magharibi bado ulikataa. Maji pale yalikuwa ya kina cha kidole, na tope la chini lilionekana kupitia maji. Niliongeza kijani, umbo likapanuka kupita kiasi. Niliongeza jekundu, likarudi ndani kupita kiasi. Likianza kucheza hivyo, huku na huku, ujue picha haina ukingo mahali hapo. Modeli haijashindwa kuuona. Haupo kwenye rangi hizo tatu.

Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuipa modeli picha nyingine. Maji humeza mwanga wa infraredi ya karibu, udongo huurudisha. Kwa hiyo kwenye picha ya setilaiti yenye mkanda huo, ukiuweka mahali pa rangi zote tatu kabla ya kuisomesha, maji hugeuka meusi na tope hubaki jeupejeupe, hata kama kwa macho vyote ni chai ya maziwa. Kwenye Sentinel-2 mkanda huo unaitwa B08. Lakini angalia ukubwa: pikseli yake ni mita 10, na silanga ya mita 58 inapata pikseli zisizofika 6 kwa urefu. Hicho si kitu cha kubonyezwa, ni punje chache za mchele. Sentinel-2 inafaa kukuambia silanga ina maji au imekauka, kwani hupita kila baada ya siku 5 hivi, na haifai kukuchorea ukingo wake. Droni yenye kamera ya kawaida haina mkanda huo kabisa.

Njia ya pili ni mkono. Mimi nina kiasi changu: mabonyezo matano. La sita likifika na umbo bado halijatulia, nahifadhi lililopo na kuhamia kwenye kalamu. Kwenye QGIS chombo chake kinaitwa Reshape Features. Unaanza mstari ndani ya umbo, unatoka nje, unafuata ukingo unaoujua, unarudi ndani, na kipande kile peke yake kinabadilika. Upande wote wa magharibi ulinichukua nukta tisa na dakika isiyotimia. Kabla ya hapo nilikuwa nimepoteza dakika kumi na tano kubishana na mabonyezo.

Lakini mkono nao unauliza: mstari upite wapi? Kwa hilo picha haikunisaidia. Nilikwenda Korbesa na laptopu, nikamwonyesha mzee mmoja anayesimamia maji na malisho katika baraza la dedha.

"Mzee," nikamwambia, "hapa maji yanaishia wapi?"

Alikaa kimya akiangalia, kisha akaweka kidole nje kabisa ya ule mstari niliokuwa nauhangaikia. "Kijana, wewe unachora maji ya leo. Kesho yatakuwa yamerudi ndani. Haro inaishia pale majani magumu yanapoanza. Maji ya ganna nzuri hufika pale."

Nilirudi kwenye picha na kweli palikuwa na ukanda mwembamba wa kijani hafifu, ambao macho yangu yaliuruka mara zote. Kwa ukanda huo modeli ilifanya kazi vizuri kuliko kwa maji: kisanduku kimoja, jekundu moja, umbo likatulia. Nikabaki na maumbo mawili, la maji ya siku ya picha na la silanga ikijaa, na nimeyaweka katika tabaka mbili tofauti. Anayetaka kujua maji yamebaki kiasi gani anatumia la kwanza. Anayetaka kuchimbua tope na kukarabati tuta anatumia la pili. Ningewapa watu wote umbo moja, mmoja wao angekosea bila kujua sababu.

Maboma yana shida nyingine. Boma la miiba ni duara jembamba, na ndani yake sakafu ya samadi, nyeusi kuliko ardhi ya nje. Bonyeza ndani, utapata sakafu bila ua. Bonyeza ua, utapata kipande kimoja cha miiba. Kitu chembamba ndicho udhaifu mkubwa wa gridi ya 256: ua wa mita 1 ndani ya dirisha la mita 400 haujazi hata kisanduku kimoja. Ukitaka eneo la boma, zungushia kisanduku boma zima kwenye dirisha dogo. Ukitaka ua wenyewe, kwa mfano kujua urefu wa miiba, usibonyeze kabisa. Chora mstari kwa mkono. Boma la zamani lililoachwa lina samadi bila ua, nalo modeli hulishika vizuri, jambo ambalo ni hatari kidogo, kwa sababu litaingia kwenye orodha ya maboma yenye watu usipolikagua.

Vivuli vinaeleweka kwa haraka zaidi: mgunga ulio ukingoni, ukipigwa picha saa kumi na moja jioni, unatupa kivuli kirefu juu ya maji na umbo linarudi limeng'atwa. Rusha droni karibu na saa sita. Ila jua la utosini nalo huweza kumulika juu ya maji na kuacha doa jeupe, na modeli hulitoboa kama tundu. Tundu la namna hiyo huondolewa na Delete holes, huhitaji kubonyeza chochote.

Umbo likishakubalika, lina kingo za ngazi na nukta mamia. Lipitishe kwenye Simplify, na kiwango cha kurahisisha kisizidi kisanduku chako; kwangu kilikuwa sentimita 30. Kabla ya kupima eneo hakikisha tabaka liko katika mfumo wa mita, ambao kwa Korbesa ni EPSG:32637, kwani iko kaskazini ya ikweta ndani ya ukanda wa 37. Tabaka lililobaki katika digrii linaweza kukupa namba isiyo na maana yoyote, na haitakuonya.

Mwisho ni kupima ardhini. Wengi huzunguka silanga na simu mfukoni, wakilinganisha njia ya jipiesi na umbo. Simu hukosea mita 3 hadi 5 hata mbingu ikiwa wazi, kwa hiyo haiwezi kuhukumu ukingo wa sentimita 30. Itakuambia tu kama umechora silanga nyingine. Beba futi kamba, vuta upana mahali pawili unapopatambua kwenye picha, kama kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mgunga. Nilifanya hivyo siku ileile niliyokwenda kwa mzee, maji yakiwa yameshapungua, kwa hiyo nilipima ukanda wa majani tu. Mahali pa kwanza palitofautiana na umbo kwa sentimita 40, pa pili kwa sentimita 20. Nikaandika kwenye jedwali la tabaka tarehe ya picha, upana wa dirisha, na kwa kila upande kama ulichorwa kwa bonyezo au kwa mkono. Upande wa magharibi unasomeka: mkono.